Nambari tatu za eneo la makazi kutoka kola moja ya GPS: ripoti fupi ielezeje upendeleo wa kila mbinu?

Nyayo_Mbichi

Habari zenu wadau. Ninaandaa ripoti ya kurasa mbili kuhusu eneo la makazi la chui jike mmoja aliyekomaa, aliyevishwa kola ya GPS. Kola ilipangwa kuchukua nukta moja kila saa kwa siku 150, kwa hiyo zilitarajiwa nukta 3,600, na zilizopatikana ni 3,060, yaani asilimia 85. Siku hizo 150 nimezihesabu baada ya kuziacha zile za mwanzo kabisa, wakati mnyama alipokuwa bado hajarudia mwendo wake wa kawaida baada ya dawa ya usingizi. Vilevile nimeitoa nukta moja iliyomwonyesha akiwa umbali wa kilomita 40 kisha amerudi palepale saa iliyofuata.

Nimekadiria eneo la asilimia 95 kwa njia tatu. Poligoni mbonyeo, yaani MCP, imetoa kilomita za mraba 61. Kerneli ya kawaida, KDE, yenye upana wa kulainisha wa `href` imetoa 68. Kerneli inayozingatia kwamba nukta zinategemeana katika muda, AKDE ya kifurushi cha `ctmm`, imetoa 86, na mipaka yake ya uhakika ni kuanzia 56 hadi 123.

Watakaoisoma ripoti ni wasimamizi wa hifadhi, si watakwimu. Rasimu yangu inasema hivi: "Matokeo yanatofautiana kwa sababu mbinu zinatofautiana, na kila mbinu ina faida na hasara zake." Nikiisoma naona haimwambii msimamizi chochote anachoweza kukitumia. Naomba ushauri juu ya mambo mawili: nambari ipi ibebe ripoti, na upendeleo wa zile nyingine uelezweje katika aya moja au mbili bila kumzamisha msomaji.

Pima_Kwanza

Ndugu Nyayo, jambo hili lina njia fupi. MCP iache, kwa sababu siku zote inakuza eneo: inaunganisha nukta za pembeni kwa mistari iliyonyooka na kufunika sehemu ambazo mnyama hajawahi kuzikanyaga. KDE ni nzuri, ila data yako inaivunja sharti lake, kwani inadhani kila nukta inajitegemea, na chui aliyekuwa hapa saa nne hawezi kuwa mbali sana saa tano. Suluhisho ni kupunguza nukta. Bakiza moja kwa siku, utapata 150 zinazojitegemea, kisha rudia KDE. Hiyo ndiyo nambari ya ripoti, na huna haja ya kuingia kwenye modeli ngumu ambazo msomaji wako hatazielewa.

Nyayo_Mbichi

Ahsante ndugu Pima. Nimefanya hivyo sasa hivi, nikachukua nukta ya saa sita usiku ya kila siku, au iliyo karibu nayo zaidi pale ilipokosekana. Eneo limepanda kutoka 68 hadi 76. Hapo ndipo nimepata swali jipya: chui ni yuleyule, siku ni zilezile, nami nimetupa sehemu kubwa ya taarifa, lakini eneo limekua. Nikiandika 76, nitamweleza nini msomaji atakayeuliza ilikotoka nyongeza hiyo?

Bi_Variogramu

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, kwa hiyo niruhusuni nilijibu taratibu.

Ndugu Pima yuko sahihi kwamba kutegemeana kwa nukta kunaiharibu KDE. Lakini nyongeza kutoka 68 hadi 76 haikuletwa na nukta kuanza kujitegemea. Upana wa `href` unapatikana kwa kuuzidisha mtawanyiko wa nukta kwa idadi yake iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 1/6. Nukta zikiwa 3,060, upana huo ni takriban 0.26 ya mtawanyiko. Zikiwa 150, ni takriban 0.43. Kwa wingu la nukta lenye umbo la kawaida, ulainishaji wa kwanza unaliongeza eneo kwa asilimia 7 hivi, na wa pili kwa asilimia 19. Igawe 68 kwa 1.07 kisha uzidishe kwa 1.19, utaifikia 76. Kwa maneno mengine, kilichobadilika ni kiasi cha rangi kinachopakwa kuzunguka kila nukta. Ungebakiza nukta moja kwa siku mbili, eneo lingepanda tena, na hakuna mahali ambapo njia hiyo yenyewe ingekuambia usimame.

Ili ujue pa kusimama, unahitaji kujua mnyama huyu anachukua muda gani mpaka mahali alipo leo pasiweze tena kukisia mahali atakapokuwa. Muda huo `ctmm` inaukadiria kutoka kwenye data yenyewe. Tafadhali endesha mistari hii utuletee majibu ya `summary` zote mbili:

```r
library(ctmm)
d <- as.telemetry("chui.csv")
plot(variogram(d))
g <- ctmm.guess(d, interactive = FALSE)
m <- ctmm.select(d, g)
a <- akde(d, m, weights = TRUE)
summary(m)
summary(a)
```

Kabla ya kusoma nambari yoyote, itazame variogramu, yaani mchoro unaoonyesha jinsi nukta zinavyotengana kadiri muda kati yake unavyoongezeka. Ikipanda kisha ikatulia kuwa tambarare, mnyama ana eneo analolirudia. Ikiendelea kupanda mpaka mwisho wa data, huna eneo la makazi la kuripoti, hata kama kompyuta itakupa nambari safi yenye desimali.

Nyayo_Mbichi

Variogramu inapanda kwa siku za mwanzo kisha inatulia baada ya kama wiki mbili na nusu. Mwishoni kabisa inayumba. Modeli ya mwendo iliyochaguliwa ni OUF, muda wa mahali kusahaulika ni takriban siku 6, na kwenye `summary(a)` thamani ya `DOF` ya `area` ni 25.

Bi_Variogramu

Vizuri sana. Kule kuyumba mwishoni ni kwa kawaida, kwa sababu jozi za nukta zilizotengana kwa muda mrefu hivyo ni chache, usikuhangaishe.

Sasa angalia 25. Umekaa na mnyama siku 150, na kumbukumbu ya mahali pake inadumu siku 6, hivyo 150 kwa 6 ni 25. Kwa habari ya ukubwa wa eneo, nukta zako 3,060 zina uzito sawa na nukta 25 zinazojitegemea kweli. Ni sawa na kumwuliza shahidi mmoja swali lilelile kila saa: majibu yanakuwa mengi, mashahidi hawaongezeki. Ungeipanga kola ichukue nukta kila dakika tano, ungemaliza betri mapema na 25 ingebaki 25. Kinachoiongeza ni kumfuatilia kwa miezi zaidi.

Hapo ndipo KDE yako ya 68 inapopotoka, na inapotoka kwa namna mbili. Kwanza, ikidhani ina nukta 3,060 zinazojitegemea, inalainisha kidogo mno, na eneo linabaki limekumbatia njia alizopita katika miezi hiyo mitano badala ya eneo analolitumia kwa desturi. Pili, inajiamini kupita kiasi. Mipaka ya uhakika inayotokana na dhana hiyo ni kama 66 hadi 70, ambayo mtu akiiona atadhani tumempima chui huyu kwa usahihi wa ajabu. Mipaka ya 56 hadi 123 inatisha, lakini ndiyo hali halisi ya mashahidi 25.

Pia utaona kwa nini nukta moja kwa siku haijitegemei. Baada ya siku moja, kwa kumbukumbu ya siku 6, uhusiano kati ya nukta na nukta bado ni takriban 0.85. Ukitaka uhusiano huo ushuke hadi 0.05 itakubidi kuruka siku 18 kila mara, na utabaki na nukta nane au tisa. Jaribu kuanzia siku ya kwanza, kisha ya tano, kisha ya kumi, uone maeneo matatu yatakavyogombana.

Na kuhusu MCP, si kweli kwamba siku zote inakuza. Ina mivuto miwili inayopingana. Umbo lake linafunika nafasi tupu kati ya nukta za pembeni, na hilo linakuza. Lakini haiwezi kuvuka nukta ya nje kabisa iliyorekodiwa, kwa hiyo mnyama akifuatiliwa kwa muda mfupi kulinganisha na kumbukumbu yake, inapunguza, na inaendelea kukua kadiri siku zinavyoongezeka. Ni mvuto upi umeshinda, nambari ya MCP yenyewe haisemi. Kwa chui huyu, 61 inaonekana kuwa upande wa kupunguza.

Mlinzi_wa_Njia

Samahani kuingilia, nina tatizo linalofanana na hili. Nina tembo waliovishwa kola, nukta kila dakika 30, na ninachohitaji ni kuonyesha njia wanazopita kati ya sehemu mbili za malisho ili zisijengwe. Nimetumia AKDE kama mnavyoshauri, na imenipa doa kubwa linalofunika kila kitu, pamoja na mlima ambao hawaupandi. Je, nipunguze asilimia kutoka 95 hadi 50 mpaka njia zionekane?

Bi_Variogramu

Ndugu Mlinzi, swali lako ni jingine, na kupunguza asilimia hakutalijibu. Eneo la makazi linauliza: mnyama huyu akiendelea kuishi kwa desturi yake, ni eneo gani atalitumia kwa muda mrefu? Wewe unauliza: katika kipindi hiki hasa, kati ya nukta na nukta alipita wapi? Hapo unahitaji ramani ya mapito, kwa mbinu za daraja la Brown au kwa `occurrence(d, m)` ndani ya `ctmm` hiyohiyo. Kwa ramani ya mapito, kuongeza nukta kwa saa kunasaidia sana, kwa sababu mashaka yako yamo katikati ya nukta mbili. Kwa eneo la makazi hakusaidii, kama tulivyoona kwa chui.

Lakini usiripoti ukubwa wa ramani ya mapito kana kwamba ni eneo la makazi. Ukubwa wake unapungua kadiri unavyochukua nukta kwa karibu zaidi, hata tembo akiwa yuleyule.

Mlinzi_wa_Njia

Nimekuelewa. Tembo wangu wawili pia wana variogramu isiyotulia, nadhani kwa sababu wanahama kwa msimu. Nitafungua uzi wake ili nisiuvuruge huu.

Pima_Kwanza

Nakubali hoja ya siku 6, sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Hata hivyo bado sijaridhika na AKDE. Mnachosema ni kwamba KDE ni ndogo mno na AKDE ni kubwa zaidi, kwa hiyo AKDE ni sahihi. Ukubwa peke yake si ushahidi. Hata nikichora duara kubwa ovyo litakuwa kubwa kuliko KDE. Msimamizi wa hifadhi akiuliza tunajuaje kwamba 86 si kukuza mambo, mtamjibu nini?

Bi_Variogramu

Ni pingamizi la haki, na lina jibu linaloweza kupimwa. Mwaka 2019 Noonan na wenzake walichapisha katika jarida la Ecological Monographs ulinganisho uliotumia wanyama 369 wa spishi 27. Walikadiria eneo kwa sehemu ya data, kisha wakahesabu ni nukta ngapi za sehemu iliyofichwa zimeangukia ndani. Maeneo ya AKDE yalikuwa makubwa kwa wastani wa mara mbili kuliko yale ya mbinu zinazodhani nukta zinajitegemea. Na kwa eneo la asilimia 95, thamani ya kati ya nukta zilizofichwa zilizokutwa ndani ilikuwa asilimia 95.3. Kama AKDE ingekuwa inakuza tu, tungekuta 99 au 100. Maeneo ya mbinu za kawaida yalibeba chini ya hapo, na upungufu ulizidi kadiri ile idadi tuliyoiita mashahidi ilivyokuwa ndogo.

Ndugu Nyayo anaweza kufanya jambo hilohilo kwa chui wake. Gawa data katikati, siku 75 na siku 75. Kadiria eneo kwa nusu ya kwanza kwa kila mbinu, kisha hesabu nukta za nusu ya pili zilizo ndani.

Nyayo_Mbichi

Nimefanya. Eneo la KDE la nusu ya kwanza limebeba asilimia 79 ya nukta za nusu ya pili. Lile la AKDE limebeba asilimia 93. Ramani inaonyesha wazi kilichotokea: katika nusu ya pili chui alianza kutumia mara kwa mara korongo moja la kaskazini, ambalo katika nusu ya kwanza alilifikia mara chache. KDE iliikata sehemu hiyo karibu yote, ikaacha vidoa viwili vidogo, ilhali AKDE ilikuwa imeliweka korongo ndani ya mpaka.

Pima_Kwanza

Hilo limenishawishi zaidi kuliko maelezo yote ya modeli, na nadhani litamshawishi na msimamizi. Pendekezo langu ni kwamba asilimia 79 na 93 ziingie kwenye ripoti. Mtu asiyejua takwimu anaelewa mara moja kwamba mpaka unaodai kubeba nukta 95 kati ya 100 umebeba 79.

Bi_Variogramu

Naafiki, kwa sharti moja. Ni mnyama mmoja na mgawanyo mmoja, na nusu ya data ina mashahidi 12 tu. Ziandike kama kielelezo kinachoonyesha upande wa kosa, zisiandikwe kama kipimo cha ukubwa wake.

Ramani_na_Dira

Nimeufuata uzi huu tangu mwanzo, na kama mchora ramani nina mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza: ndugu Nyayo, eneo lako limepakana na nini? Kerneli yoyote inapaka rangi pande zote bila kujali kama pale pana maji au ukuta wa mwamba. AKDE inalainisha kwa upana zaidi, kwa hiyo inamwagika zaidi. Mbinu inayorekebisha upendeleo mmoja inaweza kuongeza mwingine, na ripoti ya uaminifu inapaswa kuusema pia huo.

La pili: zile nukta 540 zilizokosekana. Zimekosekana wapi na saa ngapi? Kola haikosi nukta kwa bahati nasibu. Inakosa pale anga inapozibwa, chini ya miti iliyofungamana, kwenye mapango, au mnyama anapolala akiwa ameikalia antena.

Nyayo_Mbichi

Kuhusu la kwanza, upande wa magharibi kuna ziwa, na mpaka wa AKDE unaingia majini. Nimepima sehemu hiyo: kilomita za mraba 7 kati ya 86 ni maji matupu.

Kuhusu la pili, nimepanga nukta zilizokosekana kwa saa. Nyingi zaidi ni za kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Nikitazama nukta za kabla na baada ya pengo, mara nyingi zote mbili ziko kwenye kilima kimoja cha mawe makubwa, upande wa kusini. Kwa hiyo inaelekea alikuwa amelala humo kati ya mawe.

Bi_Variogramu

Ndugu Ramani amesema kweli tupu. Kwa ziwa, usikate tu kwa mkasi kwenye ramani, kwa sababu ukikata unatupa uwezekano uliokuwa umemwagikia majini bila kuurudisha nchi kavu, na eneo linalobaki halistahili tena kuitwa la asilimia 95. Mpe `akde` poligoni ya nchi kavu, kwa `SP = nchi_kavu, SP.in = TRUE`, ndipo usome upya nambari.

Kwa mawe, nukta zinazokosekana humo ziko ndani kabisa ya eneo, kwa hiyo mpaka wa nje wa asilimia 95 hautasogea sana. Kitakachoathirika ni kiini cha asilimia 50, kwani mahali anapolala panaonekana kutumika kidogo kuliko hali halisi. Chaguo la `weights = TRUE` linasaidia, kwa sababu nukta zilizo kandokando ya pengo zinapewa uzito mkubwa zaidi, na kwa kuwa za kwako ziko palepale kwenye mawe, uzito unarudi mahali pake.

Ramani_na_Dira

Hapo mwisho nina shaka, Bi Variogramu. Uzito unarudi kwenye mawe pale tu nukta za kabla na baada zinapoangukia kwenye mawe. Tuseme nukta ya mwisho kabla ya pengo ilichukuliwa akiwa bado yuko njiani, mita 600 kutoka hapo, na ya kwanza baada ya pengo akiwa ameshaondoka. Uzito utakwenda kwenye njia, na njia itaonekana kuwa ndiyo malazi. Ndugu Nyayo amesema "mara nyingi", hakusema kila mara.

Bi_Variogramu

Ni kweli. Uzito unarekebisha mapengo ya muda. Hauwezi kujua sababu ya pengo. Ambacho kingetupa uhakika ni kuiweka kola ya aina hiyohiyo ndani ya mawe yale kwa siku kadhaa bila mnyama, na nyingine mahali pa wazi, tukaona kila moja inapata nukta ngapi. Bila kipimo hicho, mimi nisingeripoti kiini cha asilimia 50 kabisa.

Nyayo_Mbichi

Kola ya ziada ipo, nitauliza kama naweza kuitumia kwa jaribio hilo. Kwa upande wa ziwa nimemaliza: AKDE yenye mpaka wa nchi kavu imetoa kilomita za mraba 81, mipaka 52 hadi 116.

Hii ndiyo rasimu mpya ya sehemu ya mbinu. Naomba muikosoe bila huruma.

"Eneo la makazi la chui huyu kwa kipindi cha siku 150 linakadiriwa kuwa kilomita za mraba 81, na kwa uhakika wa asilimia 95 linaweza kuwa dogo kufikia 52 au kubwa kufikia 116. Upana wa mipaka hii unatokana na muda wa ufuatiliaji. Chui huchukua takriban siku 6 kabla mahali alipo hapajaacha kuamuliwa na mahali alipokuwa, kwa hiyo nukta 3,060 zina taarifa sawa na nukta 25 zinazojitegemea. Kuongeza nukta kwa siku hakutapunguza mashaka haya. Kuongeza miezi kutayapunguza.

Mbinu mbili zinazotumika sana zimetoa maeneo madogo zaidi: 68 kwa kerneli ya kawaida na 61 kwa poligoni mbonyeo. Zote mbili hazizingatii kutegemeana kwa nukta, na kwa data ya muda mfupi kama hii hupunguza eneo. Tulipokadiria kwa nusu ya kwanza ya data, mpaka wa kerneli ya kawaida ulibeba asilimia 79 ya nukta za nusu ya pili badala ya 95, na ukaliacha nje karibu korongo lote la kaskazini. Mpaka wa mbinu tuliyoichagua ulibeba asilimia 93. Huu ni mfano wa mnyama mmoja. Nukta zilikosekana zaidi mchana, hasa kwenye mawe ya kusini, hivyo ramani hii isitumike kuamua ni wapi chui anapolala zaidi."

Pima_Kwanza

Ni nzuri, ila sentensi ya "hapajaacha kuamuliwa na mahali alipokuwa" nimeisoma mara mbili. Iandike hivi: "Ukijua chui yuko wapi leo, unaweza kukisia alipo kwa siku 6 hivi zinazofuata, baada ya hapo ukisiaji unadhoofika."

Bi_Variogramu

Nakubaliana na marekebisho hayo. Mimi nina mawili. Umelinganisha 81 iliyozuiwa kwa ziwa na 68 ambayo haikuzuiwa. Ama uizuie na ile 68, ama useme wazi kwamba 68 ina maji ndani yake. Vinginevyo msomaji makini atadhani tofauti ni ndogo kuliko ilivyo. Jingine ni jaribio la nusu kwa nusu, ambalo ulilifanya kabla ya kuweka mpaka wa ziwa. Lirudie kwa mpangilio uleule uliozaa 81, kisha uandike asilimia itakayotoka, iwe 93 au isiwe.

Ramani_na_Dira

Nami naona MCP itolewe kabisa. Tumeshasema ina mivuto miwili na hatujui ni upi umeshinda. Kwa nini imchoshe msomaji wa kurasa mbili?

Pima_Kwanza

Hapo mimi nasema ibaki. Ripoti nyingi za zamani zina MCP peke yake, na msimamizi atakayeweka ripoti hii kando ya ile ya miaka iliyopita atataka namba ya kulinganisha. Tukiiondoa, atailinganisha 81 na MCP ya zamani na kudhani chui wameongeza maeneo.

Bi_Variogramu

Hata MCP kwa MCP hazilinganishwi kama moja ni ya siku 150 na nyingine ni ya miaka miwili, kwa kuwa MCP inakua na muda. Lakini hofu ya ndugu Pima ni ya kweli. Labda iwekwe kwenye jedwali la kiambatisho pamoja na idadi ya siku na nukta, na katika aya kuu kuwe na sentensi moja inayokataza kuilinganisha 81 na maeneo ya MCP ya ripoti nyingine.

Ramani_na_Dira

Kiambatisho nakikubali. Ila jedwali likikatwa likanakiliwa peke yake, kama inavyotokea mara kwa mara, sentensi ya kukataza itabaki nyuma kwenye aya. Ningeiweka ndani ya kichwa cha safu ya MCP chenyewe.

Nyayo_Mbichi

Nitaiweka kote kuwili. Nimeanza kulirudia jaribio la nusu kwa nusu likiwa na mpaka wa ziwa, nikaizuia na KDE kwa mpaka uleule. Majibu nitayaleta humu pamoja na yale ya kola ya mawe iwapo nitaruhusiwa kuitumia.